Aya Moja Kuhusu Wapagazi

Kwenye ukoo wetu kule Choma, neno "mpagazi" liliwahi kuvunja posa. Nazungumzia Choma cha Nkola, wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, siyo ile ya Zambia wala ile ya jikoni. Upande wa pili walisikia kwamba babu wa babu yetu alibeba mizigo ya misafara kwenda Pwani, mmoja wao akasema hadharani kuwa hawawezi kuoa kwa wajukuu wa watumwa. Mahari ikarudishwa, binti akaolewa kwingine. Miaka imepita, lakini wazee hawajasahau. Kwa hiyo ukoo ulipoamua kuchapa kijitabu chake cha kurasa 40 hivi kwa ajili ya mkutano wa familia, ombi la kwanza la wazee lilikuwa moja: iwepo aya inayosema babu hakuwa mtumwa. Na aya hiyo nipewe mimi, kwa kuwa naandika magazetini na nimesoma chuo.

Nilikubali, ila kwa sharti kwamba nitaandika kile ambacho vitabu na wazee wenyewe vinaweza kukibeba. Mpwa wangu, aliyeko mwaka wa pili chuoni, alikuwa ameshaanza kukusanya dondoo. Alisoma kwenye simu, alisoma maktaba, akaandika kwenye daftari la shule lenye picha ya twiga. Tulikaa siku mbili tukigeuza kurasa sita za dondoo zake kuwa aya moja yenye sentensi saba. Naandika hapa tulivyofanya, kwa sababu wengi wetu tunaosoma sana tuna madaftari yaliyojaa na aya hazitoki.

Dondoo zake, zile zilizohusu swali letu, zilikuwa hivi. Nazinakili kama zilivyokuwa:

*Burton – Wanyamwezi kubeba ni uanaume!! Kazeh Nov 1857, wapagazi wanakwenda makwao.*

*Rockel 2006 – wengi walikuwa wafanyakazi wa ujira. MUHIMU.*

*Tippu Tip – minyororo, watu 800. Kingugwa.*

*UNESCO – Njia ya Kati ya Watumwa na Pembe.*

*Babu mdogo – babu yake alikwenda Pwani mara mbili, akarudi na nguo.*

Ukizitazama haraka unaona kazi imekwisha, kumbe bado. Dondoo ni kumbukumbu ya msomaji kwa ajili yake mwenyewe. Anapoandika "uanaume!!" yeye anajua alimaanisha nini siku ile. Baada ya wiki tatu hata yeye hajui tena.

Basi swali la kwanza nililomuuliza mpwa kwa kila mstari lilikuwa: haya ni maneno ya nani? Tulichukua kalamu tatu. Kilichonakiliwa neno kwa neno kutoka kitabuni tulikipigia mstari mwekundu, kilichoelezwa kwa maneno yake tukakipigia wa bluu, na wazo lake mwenyewe wa kijani. Pale ambapo hakuwa na hakika, alirudi kitabuni. Alirudi mara nne. Neno "uanaume" lilimtoa jasho, maana hakukumbuka kama ni la Burton au la kwake.

Tuliporudi kwa Burton tukaona jambo lenyewe ni la Burton kweli. Richard Burton alikuwa ofisa wa Kiingereza aliyepita njia ya kati kuanzia mwaka 1857, akachapa kitabu chake kuhusu nchi za maziwa mwaka 1860. Ndani yake anaeleza kwamba kwa Wanyamwezi kubeba mizigo katika safari ndefu kulihesabiwa kipimo cha mwanamume. Alama mbili za mshangao ndizo zilikuwa za mpwa. Alama hizo tulizipigia kijani, tukacheka.

Lakini hapo ndipo nilipomwonyesha tofauti iliyotusaidia kuliko zote. Mstari ule wa Burton una vitu viwili visivyolingana uzito. Kuhusu uanaume, Burton anatoa hukumu: anatuambia watu wengine walijionaje moyoni. Alikaa nao miezi, hakuijua lugha yao vizuri, na alikuwa mwepesi wa kuwadharau Waafrika. Kuhusu Kazeh, Burton anatoa tukio. Alifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, na wapagazi wake waliokuwa wenyeji wa Unyamwezi wakaweka mizigo chini wakaenda makwao. Ikambidi kutafuta wengine kabla ya kuendelea kuelekea Ziwa Tanganyika. Tukio hili lilimgharimu. Hakuwa na sababu ya kulibuni ili kuwapamba watu ambao kuondoka kwao kulimchelewesha.

Sisi waandishi wa habari tunalijua hili kwa njia yetu. Mtu akisema jambo linalomnufaisha, unaliandika kwa tahadhari. Akisema jambo linalomuumiza au kumsumbua, unakaa vizuri kwenye kiti. Kwa hiyo katika mstari mmoja wa dondoo tuliacha nusu ya kwanza, ile iliyompendeza mpwa, tukachukua nusu ya pili, ile aliyoiandika kwa haraka bila alama ya mshangao.

Baada ya hapo tukaja kwenye dai. Kwa asiyezoea, aya ya namna hii ina viungo vitatu. Dai ni sentensi ambayo mtu anaweza kuibishia. Ushahidi ni kile ulichokikuta nje ya kichwa chako, pamoja na jina la ulikokikuta. Ufafanuzi ni maneno yako yanayosema ushahidi huo unalishikaje dai, na unaishia wapi. Mpwa alifundishwa hivyo chuoni na anaweza kukutajia usingizini. Shida ilikuwa kuvitenda.

Dai lake la kwanza lilikuwa: "Wapagazi wa Unyamwezi hawakuwa watumwa." Ni sentensi safi, na wazee wangeipenda. Nikamwambia tuijaribu kwa njia ya kikatili: tafuta ndani ya daftari lako mwenyewe dondoo moja tu inayoweza kuiua. Hakuchukua dakika mbili. Rockel mwenyewe, ambaye ndiye nguzo yetu, anasema wengi, hasemi wote. Na kwenye misafara ya wafanyabiashara wa Pwani walikuwemo pia watumwa waliobeba mizigo ya mabwana zao. Sentensi isiyo na mpaka inakufa kwa mfano mmoja tu.

Akaandika tena: "Wapagazi wengi wa Unyamwezi walikuwa huru." Hii ilikuwa nafuu, lakini haikusema lini. Wapagazi walikuwepo kwa muda mrefu, tangu kabla misafara ya Waarabu na Waswahili haijafika Unyamwezi, hadi reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na kuwaondoa kwenye njia ile. Katika muda huo watawala walibadilika, bei zilibadilika, bunduki ziliongezeka. Huwezi kusema jambo moja kuhusu miaka yote hiyo kwa ushahidi wa mwaka 1857. Na "huru" maana yake nini? Huru kuacha kazi? Huru kukataa mzigo? Au huru kwa kuwa tu hakununuliwa?

Jaribio la tatu ndilo lililobaki: "Katikati ya karne ya 19, wapagazi wengi wa Kinyamwezi kwenye njia ya Tabora na Pwani walikuwa watu huru waliobeba kwa ujira, ingawa uhuru huo haukuwa na ulinzi." Ni refu kidogo, nakubali. Lakini kila neno lililoongezwa limeongezwa kwa sababu ya dondoo fulani. "Katikati ya karne" limewekwa na Burton. "Wengi" na "ujira" yamewekwa na Rockel. Nusu ya mwisho imewekwa na Tippu Tip, nitamfikia. Neno la mpaka ambalo huwezi kuonyesha dondoo iliyolileta ni la kuogopa tu, lifute. Mpwa alikuwa ameweka "huenda" na "kwa kiasi fulani". Tukazifuta zote mbili.

Sasa ushahidi. Hapa kuna mtego ambao nimeuona hata kwenye makala zilizochapwa. Mtu ana dai lenye neno "wengi", halafu analeta mfano mmoja mtamu, anafunga mjadala. Tukio la Kazeh ni msafara mmoja, mwaka mmoja, siku moja. Haliwezi kuthibitisha "wengi" hata likisimuliwa vizuri namna gani. Anayeweza kubeba neno hilo ni mtu aliyesoma misafara mingi. Stephen Rockel alichapa mwaka 2006 kitabu kizima kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki wa karne ile, akilinganisha taarifa za wasafiri, wamisionari na wengineo. Anawaeleza kuwa ni wafanyakazi wa ujira wenye desturi zao za kazi, ambao waliweza kugoma au kuutoroka msafara pale walipoona wameonewa. Basi tukagawa kazi: Rockel abebe upana, Burton abebe mfano. Rockel akiwa peke yake, aya ingekuwa kama taarifa ya ofisi. Burton akiwa peke yake, ingekuwa hadithi tu.

Kila ushahidi tuliuingiza kwa maneno machache yanayosema ni nani, alikuwa wapi, na alijuaje. Msomaji wa kijitabu chetu hamjui Burton. Ukimwandikia "Burton anasema" umemwachia jina tupu. Ukimwandikia kwamba alifika Kazeh Novemba 1857 na wapagazi wake wakaondoka, msomaji anaelewa kuwa huyu alikuwepo. Rockel hakuwepo, na hilo halimpunguzii kitu. Ila msomaji ajue kwamba yeye amelinganisha walichoandika waliokuwepo.

Hatukunukuu neno kwa neno. Tulieleza kwa maneno yetu, na njia tuliyotumia ni ya zamani: unasoma ukurasa, unafunga kitabu, unaandika kama unavyomsimulia shangazi yako, halafu unafungua tena kulinganisha. Unapolinganisha unatazama vitu viwili. Kwanza, je, majina, tarehe na idadi vimebaki sawa? Pili, je, sentensi yako imefuata mpangilio uleule wa sentensi ya mwenye kitabu, ukabadilisha maneno mawili matatu tu? Kama ni hivyo, bado ni ya kwake. Mpwa alikuwa na sentensi moja ya Rockel aliyoigeuza kwa Kiswahili kipande kwa kipande, akadhani kuvuka lugha kumeifanya yake. Haikumfanyia hivyo. Tafsiri ni maneno ya mwenyewe yaliyovaa nguo nyingine.

Rejeo tuliliweka mwishoni mwa maneno yaliyoazimwa, kabla ufafanuzi wetu haujaanza: (Rockel 2006), (Burton 1860, jz. 1). Nafasi hiyo ndiyo mpaka wa shamba. Msomaji anajua mpaka pale ni Burton, kuanzia pale ni sisi. Ukilisukuma rejeo hadi mwisho wa aya, umemtwisha Burton mawazo ambayo hakuyasema. Namba za kurasa nimeziacha hapa kwa sababu zinategemea chapa utakayoshika mkononi, lakini kwenye kijitabu zimo, na tuliweza kuziweka kwa kuwa mpwa aliziandika kando ya kila dondoo siku ileile aliyosoma. Kwa Tippu Tip kuna nafuu: chapa ya Whiteley ya *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi* imegawa maandishi katika vifungu vyenye namba, kwa hiyo unataja kifungu.

Na tukaongeza kanuni moja: umeisoma wapi? Kitabu cha Burton kimeshatoka kwenye hakimiliki na picha za kurasa zake zipo mtandaoni, mpwa alizisoma mwenyewe. Kama angemkuta Burton ndani ya Rockel tu, angepaswa kuandika kwamba ni Burton kama alivyotajwa na Rockel. Ukitaja kitabu ambacho hukukifungua, umetoa ushahidi kwa tukio ambalo hukuwepo.

Ufafanuzi ndio uliotuchosha. Mpwa aliandika kwanza: "Hii inaonyesha kuwa wapagazi waliondoka wakaenda makwao." Nikamwambia, mama, hilo Burton ameshatuambia. Ufafanuzi unaorudia ushahidi ni kama shahidi wa pili anayesema "kama alivyosema mwenzangu". Tukajiuliza: kati ya tukio la Kazeh na neno "huru" kuna pengo gani, na daraja lake ni lipi? Daraja ni hili: walioondoka walikuwa na makwao pa kwenda, karibu na pale, na waliondoka wakati safari yao ilipofika nchini kwao, kama watu waliomaliza kazi waliyoikubali. Burton alilalamika, lakini hakuwa bwana wao wa kuwadai. Hilo Burton halisemi kwa maneno hayo. Tunalisema sisi, na ndiyo maana linakaa upande wetu wa mpaka.

Kisha kukawa na Tippu Tip, na hapa mpwa alinikazia. "Mjomba, huyu tumwache. Atatuharibia." Ni kweli, dondoo yake ilikuwa nzito. Katika kumbukumbu za maisha yake, alizozisimulia kwa Kiswahili, Tippu Tip anaeleza kwamba katika safari zake za mwanzo wapagazi wa Kizaramo walimtoroka. Akarudi katika nchi yao na watu wake wenye silaha, akakamata watu, 800 kwa hesabu yake mwenyewe, akawatia minyororo wabebe. Anasema ndipo alipopewa jina la Kingugwa, la chui. Wala hasimulii kwa aibu.

Ungeweza kujitetea kwamba hawa ni Wazaramo, aya yetu inahusu Wanyamwezi, kwa hiyo hawatuhusu. Kwa kanuni ya mpaka wa dai, uko sahihi. Lakini msomaji yeyote wa Tabora ameshasikia habari za minyororo, wengi wameshapita Kwihara kwenye tembe ya Livingstone, na njia yenyewe imeorodheshwa tangu mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya UNESCO kwa jina la Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe. Aya inayojifanya haijasikia mnyororo haitaaminiwa. Dondoo inayokusumbua ukiificha, msomaji ataileta mwenyewe, na ataileta ukiwa haupo kumjibu.

Tukamweka. Mpwa akaandika ufafanuzi wake: "Hii inaonyesha kuwa mtu aliyeanza safari kwa ujira aliweza kuimaliza amefungwa." Sentensi tamu, ningeweza kuiacha ipite. Lakini hebu isome pamoja na ushahidi. Je, Tippu Tip anasema wale 800 ndio walewale waliomtoroka? Anasema aliwakamata watu katika nchi ile. Wengine wanaweza kuwa jamaa zao, au watu waliokutwa tu nyumbani. Ufafanuzi ulikuwa umeruka hatua moja mbele ya ushahidi. Tukaurudisha: mkataba wa ujira haukumzuia mwenye bunduki kutumia mnyororo. Hilo ushahidi unalibeba bila kuinama.

Hii ndiyo aya ilivyotoka, bila namba za kurasa na vifungu:

*Katikati ya karne ya 19, wapagazi wengi wa Kinyamwezi kwenye njia ya Tabora na Pwani walikuwa watu huru waliobeba kwa ujira, ingawa uhuru huo haukuwa na ulinzi. Stephen Rockel, aliyelinganisha taarifa za misafara mingi, anawaeleza kuwa wafanyakazi wenye desturi zao za kazi, walioweza kugoma au kuondoka pale walipoonewa (Rockel 2006). Richard Burton aliliona hilo kwa hasara yake: alipofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, wapagazi wake wenyeji wa Unyamwezi walikwenda makwao, ikambidi kutafuta wengine (Burton 1860, jz. 1). Waliondoka kama watu waliomaliza kazi waliyoikubali, na msafiri aliyewahitaji hakuwa na haki ya kuwazuia. Lakini Tippu Tip anasimulia kwamba wapagazi wa Kizaramo walipomtoroka alirudi katika nchi yao, akakamata watu 800 kwa hesabu yake, akawatia minyororo (Tippu Tip, chapa ya Whiteley). Hao hawakuwa Wanyamwezi, lakini wanatuonyesha kwamba katika biashara ileile mkataba wa ujira haukumzuia mwenye bunduki kutumia mnyororo. Kwa hiyo neno "mpagazi" peke yake halitoshi kumwita mtu mtumwa, wala halitoshi kuthibitisha kwamba alikuwa huru.*

Utaona babu yetu hayumo. Hilo ndilo lililozua mazungumzo na babu mdogo, ndugu yake marehemu babu, ambaye yuko kwenye miaka ya themanini na ndiye aliyebaki mwenye kumbukumbu. Tulimsomea aya taratibu chini ya mwembe. Kila sentensi aliisimamisha akauliza, "Hilo nani amesema?" Mpwa akawa anajibu: huyu Mzungu aliyekuwepo, huyu msomi aliyewasoma wengi, huyu Mwarabu mwenyewe aliyefunga watu. Palipokuwa na rejeo alijibu haraka. Kwenye sentensi ya nne na ya sita alijibu, "Hilo tumesema sisi, babu." Mzee akatikisa kichwa, akaendelea kusikiliza. Sijawahi kuona aya ikikaguliwa vizuri hivyo.

Mwishoni akauliza lile tulilolitegemea. "Na babu yangu mko naye wapi?"

Nilimwonyesha hesabu. Yeye alizaliwa miaka ya 1940 hivi. Babu yake, kwa makadirio yetu ya vizazi, hawezi kuwa alikuwa kijana mwaka 1857. Safari zake mbili za Pwani lazima ziwe za miaka ya mwisho ya karne ile, pengine Wajerumani wakiwa wameshaingia. Kati ya wapagazi wa Burton na yeye kuna miaka 30 au zaidi. Rockel na Burton wanaweza kusema neno "mpagazi" lilikuwa na maana gani katika nchi hii, lakini hawawezi kumtolea ushahidi mtu mmoja wa Choma ambaye hawakumwona. Anayeweza kumtolea ushahidi ni babu mdogo.

"Basi niulizeni," akasema.

Tukamuuliza, na safari hii mpwa hakuandika "akarudi na nguo" peke yake. Aliandika babu alimsikia nani akisimulia, yeye akiwa na umri gani, na maneno yalikuwa yapi kwa Kisukuma, kisha akayatafsiri chini yake. Ushahidi wa mdomo una ukurasa wake pia: ni jina la msimulizi, mahali, tarehe, na mnyororo wa waliosimuliana. Babu alisema aliambiwa na baba yake kwamba mzee yule aliondoka baada ya mavuno pamoja na vijana wenzake wa kijijini, na kwamba nguo alizorudi nazo alimpa mama yake. Tulipomuuliza kama alikuwa na bwana, alinyamaza kidogo. "Baba hakuniambia kuwa alikuwa naye," akasema. "Wala hakuniambia kuwa hakuwa naye. Sikumuuliza."

Aya ya pili ya kijitabu inaanzia hapo, na dai lake ni dogo kuliko walivyotaka wazee: kwa kumbukumbu iliyobaki katika ukoo, mzee aliondoka na wenzake kwa msimu na akarudi na ujira wake nyumbani kwao. Tumeeleza kwamba kuondoka baada ya mavuno na kurudi kunafanana na mwenendo wa mpagazi wa ujira. Tumeeleza pia kwamba kumbukumbu hiyo imepita kwa watu wawili na haikuulizwa swali la bwana. Hatukuandika kwamba hakuwa mtumwa.

Wazee wawili hawakuridhika. Mmoja alisema ukoo umenigharamia shule ili niandike sentensi moja ya waziwazi, nami nimeshindwa. Babu mdogo alimjibu kwa jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. Alisema sentensi ile ya waziwazi tungeiandika ili kuwaambia wale wa posa kwamba sisi siyo wale, maana yake tukubaliane nao kwamba wale, waliofungwa kweli, ndio wenye aibu. Utumwa uliendelea kuwa halali chini ya Wajerumani; sheria ya kuufuta Tanganyika ilikuja mwaka 1922, wakati wa Waingereza. Baba yake babu mdogo alikuwa hai. Watu waliokuwa na mabwana walikuwa majirani, wakaoa na kuolewa, na wajukuu zao wako Choma leo na watasoma kijitabu hiki.

Kwa hiyo aya zimebaki mbili, kama zilivyo. Mpwa ameanza ya tatu, kuhusu hao majirani, na mpaka jana alikuwa na dondoo tatu tu, zote za wino wa bluu. Anatafuta msimulizi.